"Chandarua si muhimu": kurudisha matokeo ya utafiti kijijini

Karatasi ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kijiji, wilayani Pangani, chini ya tangazo la mchango wa choo cha shule. Mama mmoja, ndoo tupu mkononi, alikuwa akimsomea jirani yake aliyesahau miwani nyumbani. Alisoma vizuri, hakukwama popote, mpaka akafika mstari huu:

"Hakukuwa na uhusiano muhimu kitakwimu kati ya matumizi ya chandarua na maambukizi ya minyoo ya matende."

Akanyamaza kidogo. Kisha akamfasiria mwenzake: "Wanasema chandarua si muhimu."

Wakaondoka.

Ni wiki kadhaa sasa na mstari ule haujanitoka. Aliyeuandika hakukosea takwimu, na mama hakukosea Kiswahili. Neno "muhimu" yeye amelijua tangu utotoni, na alilisoma kwa maana yake ya siku zote. Anayerudisha matokeo ya tasnifu kwa watu waliotoa damu yao huogopa sana maneno magumu. Anayatafuta moja baada ya jingine: antijeni, mikrofilaria, rejeleo la lojistiki. Lakini neno gumu halina hila. Mtu akilikuta atauliza, au ataliruka akijua kwamba ameliruka. Neno jepesi lenye maana mbili ndilo linalopita kimya, na kila mtu anaondoka akiamini ameelewa.

Nitachukua tasnifu moja ya shahada ya uzamili kuhusu matende na mabusha nione jinsi matokeo yake yanavyoweza kushuka mpaka kwenye ukurasa mmoja wa kijijini. Kijiji na tarakimu zake ni vya mfano, nimevipanga mwenyewe ili hesabu ifuatike. Habari za ugonjwa ni za kweli.

Waliopimwa na kilichoonekana

Tuseme walipimwa watu 412 wenye umri wa miaka 10 na kuendelea, kutoka vitongoji vitano. Kila mmoja alichomwa kidole, damu ikawekwa kwenye kipimo cha haraka ambacho majibu yake husomwa baada ya dakika 10. Watu 37 walionekana na alama ya minyoo. Hao 37 wakaombwa warudi usiku, wakaja 35, na kati yao 4 walikutwa na vitoto vya minyoo kwenye damu. Mbali na hayo, watu 11 katika wale 412 walikuwa na busha au mguu uliovimba.

Tasnifu itaandika hivi: uenezi wa antijeni ni asilimia 9.0, kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95 kati ya 6.6 na 12.1. Huo ni mstari mmoja, na kwa watahini unatosha.

Kijijini swali la kwanza ni jingine kabisa. Sasa wagonjwa ni 37, ni 4, au ni 11?

Muhtasari usiojibu swali hili haujaanza kazi. Jibu lake si tarakimu moja, kwa sababu yamehesabiwa mambo matatu tofauti. Kipimo cha mchana kinatafuta alama inayoachwa na minyoo wakubwa, wale wanaokaa kwenye mishipa ya maji ya mwili. Kipimo cha usiku kinatafuta vitoto wanaozaliwa na minyoo hao, ambao huku kwetu hujaa kwenye damu ya pembeni kuanzia kama saa 4 usiku hadi saa 8 usiku, saa ambazo mbu wanauma. Nao uvimbe ni madhara yaliyokwisha kutokea, pengine miaka mingi nyuma.

Jambo hili lina uzito kuliko asilimia yenyewe. Katika mfano wetu, kati ya wale 11 wenye uvimbe, 2 tu ndio waliokuwa na alama ya minyoo. Si ajabu: minyoo wanaweza kuwa wamekufa zamani na uvimbe ukabaki. Maana yake ni kwamba mzee mwenye mguu mkubwa, ambaye watoto wanamkwepa na ambaye mkewe amezoea kusikia minong'ono, huenda hana chochote ambacho mbu anaweza kukibeba. Kijana mwenye afya tele anayecheza mpira jioni ndiye anaweza kuwa nacho.

Kwenye tasnifu habari hiyo imelala katika jedwali. Kwenye karatasi ya kijiji ningeipa aya yake.

Chanya

"Washiriki 37 walikuwa chanya."

Sikiliza neno hilo linavyotumika redioni na mikutanoni: mtazamo chanya, mabadiliko chanya. Chanya ni kitu kizuri. Aliyeambiwa majibu yake ni chanya anaweza kushukuru Mungu na kwenda zake. Mwingine atashtuka kwa sababu nyingine, maana kwake neno hilo kwenye majibu ya damu linahusu virusi vya Ukimwi tu. Watu wawili wamekaa benchi moja, mmoja anafurahi, mwingine anatetemeka, na wote wawili wamepotoka.

Hapa hakuna haja ya kutafuta neno lingine la heshima. Sema kilichotokea: "Watu 37 walikutwa na alama ya minyoo ya matende kwenye damu." Sentensi inarefuka kidogo, lakini haina mlango wa nyuma.

"Maambukizi" nalo liangaliwe. Daktari anatofautisha maambukizi na ugonjwa, ila kijijini mtu aliyeambukizwa ni mgonjwa, na mgonjwa anaambukiza wenzake kwa kukaa nao. Matende hayaendi kwa kugusana wala kwa kulala kitanda kimoja. Yanaletwa na mbu, tena kwa kuumwa mara nyingi na kwa muda mrefu. Kwa hiyo kila mahali tasnifu iliposema "wenye maambukizi", karatasi iseme "waliokutwa na alama ya minyoo", na mara moja, waziwazi, iseme kwamba mtu hapati minyoo hawa kwa kukaa na mwenzake.

Kuna pia majina ya ugonjwa. Busha wengine huliita mshipa, wengine ngiri maji. "Ngiri" peke yake inaweza kuwa ya utumbo, ambayo haihusiani na mbu hata kidogo, na "mshipa" unabeba mambo chungu nzima. Njia ninayoiamini ni kuandika mara ya kwanza "busha (wengine huita mshipa au ngiri maji), yaani korodani kujaa maji", kisha kubaki na "busha" hadi mwisho. Kubadilisha majina ili kupamba lugha kunamfanya msikilizaji adhani yanatajwa magonjwa matatu.

Mara tatu na nusu ya nini?

Matokeo makubwa ya tasnifu yetu ya mfano yanahusu dawa. Mkoani Tanga ugawaji wa dawa za matende kwa jamii nzima ulianza miaka ya 2000, yaani ivermectin pamoja na albendazole, mara moja kwa mwaka. Katika wale 412, watu 344 walisema wamewahi kumeza angalau mara moja, na 23 kati yao walikuwa na alama. Watu 68 walisema hawajawahi kabisa, na 14 kati yao walikuwa na alama.

Tasnifu inatoa uwiano wa odi wa 3.6. Mwandishi wa muhtasari anataka kurahisisha, anaandika: "Wasiomeza dawa wana minyoo mara tatu na nusu zaidi."

Si kweli.

Odi hailinganishi waliokutwa na alama na kundi lote. Inawalinganisha na wale wasiokutwa nayo. Kwa wasiomeza ni 14 dhidi ya 54, ambayo ni 0.26. Kwa waliomeza ni 23 dhidi ya 321, ambayo ni 0.07. Gawanya, unapata 3.6. Lakini mtu wa kawaida akisikia "mara tatu na nusu" anawaza watu: wangapi kati ya wangapi. Hesabu yake ni 14 kati ya 68, karibu 21 katika kila 100, na 23 kati ya 344, karibu 7 katika kila 100. Hiyo ni mara tatu. Jambo lenyewe linavyozidi kuwa la kawaida katika watu, ndivyo tarakimu hizo mbili zinavyozidi kuachana, na kuna tasnifu ambazo odi ya 4 ni mara mbili tu ya watu.

Kwa hiyo odi isitafsiriwe. Irudi kwenye jedwali ilikotoka, utoe watu:

"Kati ya watu 68 ambao hawajawahi kumeza dawa, 14 walikutwa na alama. Kati ya watu 344 waliowahi kumeza, walikuwa 23. Ni kama kusema: katika kila watu 100 wasiomeza, 21, katika kila 100 waliomeza, 7."

Tazama kwamba 100 imewekwa pande zote mbili. Ukiandika "mmoja kati ya watano" upande huu na "mmoja kati ya kumi na tano" upande ule, wapo watakaoona 15 ni kubwa kuliko 5 na kuamua kwamba dawa ndiyo inayoleta minyoo. Hatari hii si ndogo mahali ambapo tayari kuna maneno mabaya juu ya dawa za kugawiwa bure.

Wengi hukwama kwenye uwiano uliorekebishwa kwa umri na jinsia. Huo haurudi kuwa watu wa kuhesabika, hata ufanyeje. Kama baada ya kurekebisha matokeo yameelekea kulekule, toa watu wa jedwali la kawaida, kisha ongeza: "Tulipolinganisha watu wa rika moja na jinsia moja, hali ilibaki hivyohivyo." Kama yamegeuka, usitumie jedwali la kawaida hata kidogo. Gawa watu kwa rika na utoe hesabu ya kila rika.

Kuna na kitenzi. "Waliomeza dawa walikutwa wachache wenye alama" ni jambo tuliloliona. "Dawa ilipunguza minyoo" ni jambo ambalo utafiti wa kupima watu mara moja hauwezi kulithibitisha peke yake. Wavuvi wa dagaa wako baharini usiku wa giza, na huenda siku ya ugawaji hawapo pia. Maisha yao yanatofautiana na ya wengine kwa mambo mengi zaidi ya kidonge. Kwamba dawa hizi zinaua vitoto vya minyoo tunalijua kutokana na tafiti nyingine. Karatasi iseme hivyo: hiki tumekiona hapa, hiki kilikuwa kinajulikana.

Muhimu

Sasa turudi mlangoni.

Katika mfano wetu, watu 290 walisema usiku uliotangulia walilala ndani ya chandarua, na 21 kati yao walikuwa na alama. Watu 122 walilala nje ya chandarua, na 16 walikuwa na alama. Ni 7 katika kila 100 dhidi ya 13 katika kila 100. Uwiano wa odi ni 1.9, na kiwango chake cha uhakika kinaanza 0.97 na kuishia 3.85. Kwa kuwa 1, yaani kutokuwepo tofauti, imo ndani yake, thamani ya P imekuwa kama 0.06, na tasnifu inaandika: hakuna uhusiano muhimu kitakwimu.

Ona kilichopotea njiani. Wasiotumia chandarua walikutwa na alama karibu mara mbili ya wenzao. Kiwango kile kinakubaliana na kutokuwepo tofauti yoyote, na kinakubaliana pia na tofauti kubwa sana. Kinachosema ni kwamba watu waliopimwa hawakutosha kuamua. Kutoka "hatukuweza kujua" hadi "haifai" ni safari ndefu, na neno "muhimu" limeisafiri kwa hatua moja.

"Uhusiano" nao una lake. Kwa mtu wa pwani uhusiano ni wa watu: undugu, ukwe, ujirani. Chandarua na minyoo vina uhusiano gani?

Lakini kuna kasoro iliyo ndani zaidi, na hii hairekebishwi kwa kuchagua neno. Minyoo wakubwa wa matende wanaishi miaka kama 6 hadi 8. Alama iliyoonekana leo inaweza kuwa ya mbu waliouma miaka mitano iliyopita. Swali la dodoso lilihusu usiku wa jana. Mtu aliyepata chandarua mwezi uliopita amehesabiwa upande wa waliojikinga. Hata kama chandarua kinasaidia sana, swali hilo lingepunguza tofauti. Mtafiti analijua hili, ameliandika kwenye sehemu ya upungufu wa utafiti, ukurasa wa themanini na kitu, na muhtasari haukufika huko.

Mimi ningeandika:

"Waliolala bila chandarua walikutwa na alama zaidi kuliko waliolala ndani ya chandarua: 13 katika kila 100, na 7 katika kila 100. Watu tuliowapima ni wachache, kwa hiyo hatuwezi kusema kwa uhakika kama tofauti hii imeletwa na chandarua. Tena tuliuliza usiku mmoja tu, na minyoo hawa hukaa mwilini miaka mingi. Utafiti huu haukusema chandarua hakifai. Endeleeni kukitumia, kinakinga malaria pia."

Rasimu nyingi hapa huweka "tofauti hii inaweza kuwa imetokea kwa bahati". Liondoe. Bahati kwa Kiswahili cha watu ni heri, na msikilizaji atajiuliza heri hiyo imemwangukia nani.

Wanne

Watu 4 walikutwa na vitoto vya minyoo usiku. Tasnifu ina jedwali la vitongoji: kimoja kina 3, kingine 1, vitatu havina.

Jedwali hilo lisitoke nje ya tasnifu.

Majina hayamo, ndiyo. Lakini kijijini watu walionana wakienda kupimwa saa 5 usiku na tochi mkononi. Anayejua kwamba kitongoji chake kina watatu, na anayejua ni nyumba zipi zilizoamshwa, ana majina yote bila kuandikiwa. Desturi ya wengi, wakigawa watu wa kijiji katika makundi, ni kutotaja kundi lolote lenye watu chini ya 5, na kwa kijiji kidogo mpaka huo ni wa chini kabisa. Angalia pia kutoa: ukitaja jumla ya kijiji pamoja na vitongoji vinne, cha tano kimejitaja chenyewe. Sifa mbili zikikutana zinafanya vilevile, mfano umri na uvimbe. "Mwanamke mmoja mwenye zaidi ya miaka 70 na mguu uliovimba" kijijini ni mtu anayejulikana kwa jina la mwanawe wa kwanza.

Kwa hiyo karatasi inasema "watu 4 katika kijiji chote", basi. Anayetaka kujua vitongoji ili kupanga kazi ni mratibu wa magonjwa haya wilayani, na yeye apewe jedwali lake kwa mkono.

Nani ajue kwanza

Azimio la Helsinki linataka kila aliyeshiriki katika utafiti wa tiba apewe nafasi ya kujua matokeo ya jumla. Neno "jumla" limewaponza watafiti, wakadhani karatasi moja inamaliza deni lote.

Wale 37 hawapaswi kujisikia ndani ya tarakimu kwa mara ya kwanza wakiwa mkutanoni. Kila mmoja aambiwe majibu yake faraghani, aelezwe yana maana gani na apewe njia ya matibabu, kabla karatasi haijachapishwa. Aambiwe jambo moja ambalo husahaulika: hata akimeza dawa, kipimo cha mchana kinaweza kuendelea kuonyesha alama kwa muda mrefu, maana dawa inaua vitoto upesi lakini minyoo wakubwa hawafi wote. Asipolijua, mwaka ujao akipimwa tena atasema dawa haikufanya kitu, na atawaambia majirani.

Wawili ambao hawakurudi usiku nao watafutwe. Hawamo katika hesabu ya usiku iliyo kwenye karatasi, ila wanajijua.

Wakishaambiwa hao wote, ndipo inafuata serikali ya kijiji pamoja na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, kwa kuwa wao ndio watakaoulizwa mtafiti akishapanda basi. Kisha mkutano mkuu wa kijiji. Kwa utaratibu mkutano huu hufanyika kila miezi mitatu, hivyo tarehe iulizwe kwa mtendaji mapema. Ukiukosa, unasubiri msimu mzima.

Ukurasa wenyewe

Karatasi moja ya A4, herufi za ukubwa wa 14, maneno yasiyozidi 350. Urefu huo unasomeka kwa sauti kwa dakika tatu hivi, na wengi wataisikia kuliko kuisoma. Inaanza na jibu. Nani alifadhili na chuo gani kilisajili utafiti viende chini kabisa. Mwanzo wake uwe namna hii:

"Mwaka jana watu 412 wa kijiji hiki mlikubali kuchomwa kidole ili tujue kama minyoo wa matende na mabusha bado wapo. Asanteni.

Bado wapo, lakini kwa watu wachache. Watu 37 walikutwa na alama ya minyoo, ni kama 9 katika kila 100. Kila mmoja wao ameshapewa majibu yake. Wengi wa hao 37 walipimwa tena usiku, na 4 walikutwa na vitoto vya minyoo, wale wanaobebwa na mbu kutoka mtu hadi mtu.

Mwenye busha au mguu uliovimba si lazima awe na minyoo sasa. Wengi wenye uvimbe hawakukutwa na alama. Hakuna anayepata ugonjwa huu kwa kukaa, kula au kulala na mwenzake.

Dawa haiondoi uvimbe uliokwisha kuwepo. Busha linatibiwa kwa upasuaji. Mguu unatunzwa kwa kuosha kila siku kwa maji na sabuni na kukausha vizuri katikati ya vidole."

Kiwango cha uhakika, 6.6 hadi 12.1, hakimo, na nimesita juu yake. Kukiacha kunaifanya 9 ionekane imekatwa kwa kisu. Kukiweka kwa jina lake kunaleta neno "uhakika", ambalo msikilizaji atalielewa kuwa mtafiti ana uhakika. Nilipofika ni hapa: "Tungepima watu wote tungeweza kupata 7 au 12, si lazima 9 kamili." Hailingani sawasawa na maana ya kitaalamu, na mtakwimu atainua mkono. Inalinda jambo moja ninalotaka lilindwe, kwamba 9 ni makadirio.

Kasoro ya wasiokuwepo iandikwe pia: "Wanaume walio baharini siku zile hatukuwapima, kwa hiyo hali yao hatuijui." Wavuvi wakisikia hivyo wanajua hawakusahaulika.

"Umeelewa?"

Usiulize hivyo. Jibu ni ndiyo, kwa adabu tu.

Chukua watu sita wasiokuwa viongozi na wasiokuwa wahudumu wa afya, wanaume na wanawake, angalau wawili wasiosoma. Kaa na kila mmoja peke yake, mbali na mwenyekiti. Msomee karatasi mara moja kwa mwendo wa kawaida, uiweke chini, kisha umwulize: "Ukifika nyumbani, utawaambia nini walioko?" Andika maneno yake kama alivyoyasema. Baadaye uliza mambo mahususi matatu au manne: mwenye mguu mkubwa anaambukiza? Chandarua je? Watu wangapi walikuwa na vitoto vya minyoo?

Sentensi iliyowapoteza watu wawili kati ya sita inaandikwa upya. Kosa linalojirudia hapa ni la mtafiti kuanza kufafanua palepale kwa mdomo. Anafafanua vizuri, mtu anaelewa, wote wanaridhika, na karatasi inabaki na kosa lake. Mlangoni itakuwa peke yake. Kisha itafutiwe watu wengine sita, maana wa kwanza wameshafundishwa.

Kutafsiri tena kwa Kiingereza ili kuona kama imelingana hakukamati makosa haya. "Muhimu kitakwimu" ikirudi Kiingereza inarudi salama kabisa, kwa sababu anayeirudisha naye amesoma takwimu.

Na madafu?

Kuna swali ambalo kwenye pwani hii halikosekani, na tasnifu ya mfano wetu haina hata mstari juu yake. Wengi wanasema busha linatokana na kunywa madafu mno. Mtafiti hakuuliza kwa kuwa anajua si kweli, hivyo matokeo hayana la kusema, na karatasi ikanyamaza.

Mzee akisikia karatasi imetaja mbu, dawa, chandarua na sabuni lakini haikutaja madafu, anaweza kuhitimisha kwamba hilo watafiti wamelikubali. Au wamelikwepa.

Mtafiti anasita, na anasita kwa haki: hawezi kuandika "utafiti umeonyesha" juu ya kitu ambacho hakukipima. Ndiyo sababu zile sehemu mbili za karatasi, kilichoonekana hapa na kilichokuwa kinajulikana, zinahitaji vichwa vyao tofauti tangu mwanzo. Chini ya kichwa cha pili, baada ya dawa na kabla ya nambari ya simu ya kuulizia, inaingia sentensi moja: "Katika utafiti huu hatukuuliza habari za madafu, lakini inajulikana kwamba hayaleti busha; minyoo wa busha na matende huletwa na mbu."